Ze ya Fundi Majalada

Jumapili ya kwanza ya safu ile, watu wa mtaa wa Sabzibagh walicheka mpaka chai ikawapalia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Mukhtar muuza chai, na gazeti letu, Shahrnama, lilikuwa linapita mkono kwa mkono kama sahani ya karanga. Kila aliyelishika alichagua sentensi, akaisoma kwa sauti ya bandia, akampa mwenzake.

"Ami Baleshwar," Mukhtar akaniambia huku akimimina maziwa, "hilo gazeti lenu limeng'oka meno? Mbona linasema jindagi na jameen badala ya zindagi na zameen, kama mjomba wangu wa shamba?"

"Kunywa chai yako," nikamjibu.

"Yangu nauza. Wewe ndiye unywe yako, imeshapoa kwa aibu."

Nilikunywa. Mimi ndiye mkuu wa meza ya masahihisho, na aibu ya gazeti ni shati langu.

Safu yenyewe ilikuwa ya Bi Mridula Sahay, mwandishi wa Kihindi anayependwa hapa Patna. Kila wiki aliandika habari za mtu mmoja wa mitaani: mkaanga mbaazi, mpiga pasi, mama anayefua mazulia mtoni. Mhariri wetu, Bwana Warsi, alimwendea kwa adabu akamwomba ruhusa ya kuichapisha kwa hati yetu ya Kiurdu. Hakukuwa na haja ya kutafsiri. Maneno ya Bi Mridula ni maneno ya sokoni, ni yetu sote. Ukiisoma safu yake kwa sauti, anayepita nje ya dirisha hawezi kujua umeshika gazeti linaloandikwa kutoka kushoto au linaloandikwa kutoka kulia. Kazi ni kubadilisha herufi tu.

Hilo "tu" ndilo lililotutesa.

Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Shagufta, binti aliyetoka Darbhanga, mwembamba, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Bwana Warsi alimwajiri kwa ajili ya safu hiyo, kwa majaribio. Kaka yake alikuwa amemwambia wazi kwamba kazi isiposhika arudi nyumbani, kuna posa inangoja. Yeye hakutaka ile posa. Aliniambia hivyo siku ya pili, huku akitafuna mkate wa litti aliotoka nao kwa shangazi yake, kama anayeniambia habari za hali ya hewa.

Aliifundisha kompyuta kubadili kila herufi ya Kihindi kuwa ya kwetu. Wala hakukosea. Ila Kihindi kina sa moja tu, na sisi tuna tatu: sin, suad na se. Kihindi kina za moja, nayo ni ja iliyotiwa nukta chini. Sisi tuna ze, zal, zuad na zoe. Waarabu huzitenganisha kwa ulimi. Sisi tunazitamka sawasawa, tunazitenganisha kwa jicho peke yake. Dhuluma, tunayoiita zulm, ni ya zoe. Dhamiri, zameer, ni ya zuad. Zikr, kutaja kitu, ni ya zal. Zakhm, jeraha, ni ya ze. Mtu aliyesoma akiona zulm imeandikwa kwa ze, huona kama ameletewa pilau ndani ya kiatu. Chakula ni kilekile, lakini hakiliki.

Juu ya hayo, magazeti ya Kihindi siku hizi ni wavivu wa nukta. Wanaandika ja bila nukta, msomaji anajua mwenyewe kwamba hapo ni za. Kompyuta haijui. Imepewa ja, inatoa ja. Ndiyo maana zindagi yetu, maisha yetu haya, yalitoka yamekuwa jindagi.

Jumatatu ikaja bahasha. Ndani yake mlikuwa na ukurasa wetu, umekunjwa vizuri, na juu ya safu ya Bi Mridula kulikuwa na miduara ya wino mwekundu, mingi hata ukurasa ukaonekana una tetekuwanga. Chini pameandikwa kwa mkono mzuri sana: Msomaji, Sabzibagh. Hii ni desturi ya mji wetu. Watu hawaandiki malalamiko. Wanakurudishia gazeti lako wamelizungushia makosa, kama mama anayekurudishia sufuria uliyoiosha vibaya.

Bwana Warsi aliiweka bahasha mezani kwa ncha za vidole.

"Safu hii niliiomba kwa heshima," alisema. "Mama wa watu hasomi hati yetu. Ametuamini kama mtu anayempa jirani mtoto wake amshike. Nawapa Jumapili nne, na moja imeshapita. Bahasha ya nne ikija na duara la haki hata moja, narudisha mapishi kwenye ukurasa huu."

"Na mimi, bwana?" Shagufta akauliza.

"Mapishi yanaletwa na shemeji yangu," akasema Bwana Warsi, akitazama dirishani. Alikuwa mtu mwema, ndiyo maana hakumtazama.

Wiki ya pili tulifanya kazi kama watu wanaohama nyumba. Shagufta alikusanya maneno kutoka kwenye kamusi na kuyaingiza: kompyuta ikikutana na neno la Kihindi, kwanza itazame kama lipo katika hazina yake na lichukue umbo lake la Kiurdu, lisipokuwepo, ndipo ibadili herufi kwa herufi. Mimi nilikaa pembeni nikimtajia. Hati hii sikuirithi nyumbani. Mchana nilikuwa nabeba mawe ya kuchapia katika kiwanda cha zamani, jioni nakwenda shule ya usiku ya wafanyakazi kujifunza kusoma yale niliyoyabeba. Mtu aliyekinunua kitu kwa jasho anajua kila kona yake, na mimi sioni haya kusema kwamba najua.

"Khaas," Shagufta anasema. Maalumu.

"Suad."

"Saabit." Thabiti.

"Se mwanzo."

"Saas." Mama mkwe.

"Sin. Maneno yaliyozaliwa hapahapa ni ya sin, mwanangu. Mama mkwe hakutoka Uarabuni."

"Wa dada yangu, ukimwona, utadhani katoka mbali zaidi."

Miduara ya Jumatatu ile ilipungua, ikawa ya kuhesabika kwa vidole. Mmoja ulikuwa juu ya masala, maana sisi tuliliandika kwa sin, na yule msomaji alitaka kwa suad na herufi nyingine moja ya ziada, kama babu zake walivyoandika. Benchi la Mukhtar liligawanyika juu ya hilo mpaka adhuhuri. Mukhtar mwenyewe alisema andikeni mnavyotaka, mkono wake unaotia tangawizi haujui kusoma.

Shagufta akapata moyo. Na moyo huo ndio uliotuponza wiki ya tatu.

Katika safu ya pili kulikuwa na mtu aliyetoa kitabu kama hidaya, na Bi Mridula alitumia neno ambalo waandishi wengi wa Kihindi huliandika nazar. Kwa hati yetu, hidaya ya namna hiyo ina zal. Kompyuta ilitoa zoe, msomaji wetu akazungushia, Shagufta akaenda kwenye hazina yake akaandika: nazar, zal. Aliandika kwa hasira kidogo, akabonyeza, akaenda zake kunywa maji. Hakukumbuka, na mimi sikuwepo kumkumbusha, kwamba nazar iliyo ya kila siku ni ile ya jicho, nayo ni ya zoe.

Safu ya tatu ilihusu mama mzee mtengeneza miwani. Macho, kuona, kutazama, jicho la husuda, kila sentensi ya pili. Kompyuta ilitii. Watu wa Sabzibagh walisoma Jumapili habari za bibi ambaye hidaya zake zimepungua nguvu kwa uzee, anayewapima watu hidaya kwa ubao ukutani, na aliyemfunga mjukuu uzi mweusi asipatwe na hidaya mbaya.

"Ami," Mukhtar alisema, "mimi hidaya mbaya nimeshapewa nyingi. Harusini kwangu peke yake nililetewa feni tatu mbovu."

Mimi nilikuwa nimeipitia safu ile Ijumaa. Niliipitia kwa mdomo, kama ninavyopenda, na kwa mdomo zal na zoe ni ndugu pacha. Sikio langu liliridhika.

Shagufta hakulia. Alikaa mbele ya kompyuta mikono magotini.

"Nikilirudisha kwenye zoe," alisema, "siku hidaya ikija itakosewa tena. Nikiliacha kwenye zal, macho yote yanaharibika. Nifanyeje, Ami? Neno moja, milango miwili."

"Basi lisipite lenyewe," nikasema. "Liweke kizuizini mpaka mtu alitazame."

Akageuka polepole. Nadhani wakati huo alikuwa ameshalipata, mimi nilimfungulia tu pazia. Kabla ya jioni alikuwa ameyagawa maneno mafungu matatu. Yenye mlango mmoja, kama zulm na khaas, kompyuta iyapitishe yenyewe bila kuuliza mtu. Yenye milango miwili yatoke na rangi ya njano kwenye kioo, na hayachapishwi mpaka mtu aisome sentensi nzima, aone maana, achague: nazar ya jicho au ya hidaya, sada ya sauti kwa suad au sada ya daima kwa sin. Na fungu la tatu lilikuwa majina ya watu. Hayo alitaka yatoke kwa rangi nyekundu.

"Majina kwa nini?" nikauliza. "Majina tunayajua."

"Tunayajua ya tunaowajua. Jina halina sentensi ya kukuambia maana yake. Jina lina mwenyewe, aulizwe."

"Utamuuliza kila mpiga pasi wa Patna?"

"Kila anayeandikwa na Bi Mridula. Kwa wiki ni mmoja, Ami. Wawili wakizidi."

Nililiona jambo la kitoto, lakini nilimwachia.

Safu ya nne ikaja Alhamisi. Ilikuwa juu ya fundi majalada wa uchochoro wa nyuma ya msikiti, mzee anayetia vitabu majalada tangu ujana wake, na asiyejua kusoma hata herufi moja. Akiletewa karatasi huuliza swali moja: hiki kinafunguka kulia au kushoto? Kikiwa cha Kiurdu, mgongo anautia kulia; kikiwa cha Kihindi, kushoto. Bi Mridula aliandika kwamba mzee huyu ndiye mtu pekee mjini ambaye lugha zote mbili kwake zina uzito mmoja, maana huzipima kwa mkono. Niliipenda sana sentensi hiyo.

Maneno ya njano yalikuwa matatu, tukayamaliza kwa dakika chache. Likabaki moja jekundu. Fundi mwenyewe: Azhar.

"Zoe," nikasema. "Azhar, aliye wazi kuliko wote. Nimewajua Azhar kumi, wote wa zoe."

"Kuna Azhar wa ze pia," akasema Shagufta. "Anayeng'aa kuliko wote. Darbhanga tulikuwa na mmoja, daktari wa meno."

"Daktari wa meno lazima ang'ae. Huyu ni fundi majalada."

Hakucheka. Alimpigia simu Bi Mridula, akaiweka simu ile isikike na wote. Sauti ya mama yule ilikuwa ya upole. "Mwanangu, mimi nimeandika nilivyosikia. Kwetu liko moja tu. Hayo ya kwenu mawili ndiyo kwanza nayasikia, nami nimefurahi. Fundi simu hana. Nendeni tu, yuko pale mchana kutwa."

Bwana Warsi alipita akatusikia. "Wekeni zoe," alisema. "Ndiyo ya wengi, hakuna atakayezungushia. Shagufta, hii ni Jumapili ya nne."

"Najua, bwana. Kwa hiyo nataka niende nikaulize."

Akaitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi. "Ami, nenda naye. Mkirudi baada ya saa tisa, nachapisha zoe."

Nikavaa ndala zangu.

Duka la fundi lilikuwa pana kama kitanda. Alikuwa ameketi chini kati ya marundo ya karatasi, miguu imeshika kitabu kama koleo, mkono unavuta uzi. Harufu ya gundi ilikuwa imepanda mpaka barabarani. Kwenye kiti kimoja kilichokuwepo alikaa mzee mwingine, mrefu, kofia imekaa sawa, na mfukoni mwake kifuani, sambamba na miwani, kulikuwa na kalamu nyekundu.

Shagufta aliiona kabla yangu. Akanibinya kiwiko.

"Karibuni," fundi akasema. "Kinafunguka kulia au kushoto?"

"Hatujaleta kitabu, mzee," akasema Shagufta. "Tunatoka Shahrnama."

Yule mwenye kofia akainua kichwa. "Aa. Watu wa hidaya."

"Nawe ndiwe Msomaji, Sabzibagh," nikasema.

"Naitwa Ghazanfar. Nilikuwa mwalimu wa shule ya serikali. Jina langu lina zuad katikati, siku nilipostaafu gazeti moja likaniandika kwa ze. Miaka yote nimeibeba zuad yangu kama mzigo wa mwana, wakanivua siku ya kuniaga." Alisema bila hasira, kama anayeeleza kovu. "Tangu hapo nanunua kalamu nyekundu."

"Lilikuwa gazeti letu?"

"Lilishakufa hilo. Nyinyi nawazungushia kwa sababu bado mko hai."

Shagufta akachuchumaa mbele ya fundi. "Mzee, Jumapili unatoka gazetini. Nimekuja kukuuliza jina lako linaandikwaje."

Fundi akaweka sindano chini. "Unaniuliza mimi?"

"Ni lako."

"Binti, mimi huitwa, siandikwi. Waulize hawa wasomi."

"Zoe," tukasema mimi na Mwalimu Ghazanfar kwa pamoja, tukatazamana, tukapendana kidogo.

"Baba yako hakukuambia maana yake?" Shagufta akaendelea.

"Baba yangu aliuza makaa. Aliwahi kuniambia nisiguse karatasi nyeupe kabla ya kunawa. Hilo tu ndilo la elimu aliloniambia." Akajifuta gundi kwenye lungi, msuli aliovaa. "Kwani ziko ngapi?"

Shagufta akamweleza. Moja maana yake aliye wazi kuliko wote, nyingine anayeng'aa kuliko wote. Akaokota kipande cha karatasi sakafuni, akaomba kalamu. Mwalimu Ghazanfar alisita, kisha akampa ile nyekundu. Shagufta akaandika majina mawili, moja juu, moja chini, kwa herufi kubwa, akamgeuzia.

Fundi aliishika karatasi mbali na uso, akaisogeza, akaigeuza upande.

"Hii ya juu," alisema, "ina msharasi umesimama katikati, na tone limeegemea ubavuni mwake." Alikuwa anaonyesha mti wa zoe, na kweli ulifanana na msharasi wake wa kutobolea karatasi, uliochomekwa kwenye ubao pale pembeni. "Mimi msharasi nimeushika maisha yangu yote. Gazetini nataka nipumzike." Kidole kikashuka. "Hii ya chini ina sindano mbili zilizopinda, kama hizi zangu. Na moja ina tone la gundi juu yake."

"Hilo tone ndiyo nukta ya ze," akasema Shagufta.

"Nataka hii yenye tone la gundi."

Mwalimu Ghazanfar akakohoa. "Mzee Azhar, jina si kitambaa cha shati. Azhar wa mtaa wetu wote ni wa zoe. Watu watasema gazeti limekosea."

"Nani kati yao amewahi kuona langu limeandikwa?"

Mwalimu akaiweka sawa kofia iliyokuwa sawa.

"Kadi ya kura?" nikauliza mimi.

"Imeandikwa Kihindi," akasema fundi. "Na kwa Kihindi, huyu binti ameshaniambia, liko moja. Basi hakuna aliyeniwahi. Ndiyo kwanza leo." Akacheka, meno mawili mbele. "Anayeng'aa. Siku zote nanuka gundi, sasa nitang'aa."

"Mimi nitalizungushia," Mwalimu akasema. "Urafiki ni kitu kingine. Duara ni duara."

Damu ilinipanda. Nilitaka kumwambia kwamba duara hilo moja ndilo litakalompandisha binti huyu treni ya Darbhanga, kwamba kuna posa inamngoja na shemeji ya mtu ana mapishi ya mbilingani. Nilishaanza: "Mwalimu, hujui kwamba bahasha yako…"

Shagufta akaniangalia. Nikayameza maneno yaliyobaki.

"Zungushia, Mwalimu," alisema akisimama. "Ndiyo kazi yako. Na mimi yangu ni kuandika jina la mtu anavyotaka mwenyewe." Kisha akamwachia fundi karatasi, na kalamu nyekundu akairudisha kwa mikono miwili.

Tulipofika kwenye duka la samosa alinunua mbili, akanipa moja.

"Ungemwambia angeona haya, asingezungushia," nikasema.

"Ndiyo. Halafu kila Jumapili angekuwa ananionea huruma. Ami, mtu anayesoma kwa huruma hasomi."

Tulirudi kabla ya saa tisa. Aliandika ze. Bwana Warsi aliisoma, akavua miwani, akaivaa tena. "Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Amesema ze?"

"Amesema yenye tone la gundi."

Bwana Warsi akatia sahihi ukurasa.

Jumapili watu wa benchi walisoma kimya, kwanza. Mukhtar aliniletea chai bila neno, na hiyo peke yake ilinitisha. Kisha mmoja akasema, "Azhar wa ze?" Mwingine akamjibu kwamba wapo, Darbhanga kuna daktari wa meno. Sijui nani alizisambaza habari za daktari huyo. Mpaka adhuhuri walikuwa wanabishana kwa amani, na vijana wawili walikwenda kumtazama fundi mwenyewe, wakarudi wakasema amewaambia ni ze na kama wana shaka wakamwulize mama yake makaburini.

Lakini benchi si bahasha. Jumatatu Shagufta alikuja mapema kuliko mfagiaji. Alikuwa amekwisha panga meza yake, vitu vyake vidogo vyote kwenye mkoba: kikombe, kitana, kamusi yenye mgongo uliolegea.

Bahasha ikaja. Bwana Warsi aliifungua wote tukiwa tumesimama, akaukunjua ukurasa, akaukaribisha kwenye mwanga.

"Liko moja," alisema.

Shagufta akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha ijua.

"Juu ya Azhar," akaendelea. Kisha akaleta ukurasa karibu zaidi na uso. "Ami, hebu njoo. Mwandiko huu ni wa nani?"

Nikaenda. Duara lilikuwepo kweli, jekundu, lakini si lile duara la Mwalimu Ghazanfar, ambalo kila wiki lilikuwa la mviringo kama limepimwa kwa bilauri. Hili lilikuwa limeyumba, mwisho wake haukukutana na mwanzo. Na kutoka kwenye duara mstari ulikwenda mpaka pembeni mwa ukurasa, penye nafasi, na hapo mtu alikuwa ameandika herufi nne kubwa zilizotetemeka: alifu iliyoinama kidogo, ze peke yake na nukta yake kubwa kama tone halisi, kisha he na re zimeshikana mikono. Azhar. Chini yake, mara tatu, limeandikwa tena, na kila mara limenyooka zaidi. Karatasi ilikuwa na alama ya gundi.

Chini kabisa, kwa mkono mzuri tulioujua, kulikuwa na maneno machache. Bwana Warsi aliyasoma kwa sauti.

"Duara ni la mwenye jina. Alitaka ajionyeshe alipo. Wino ni wangu. Kwa upande wangu, wiki hii sikuona cha kuzungushia, ingawa masala bado ni ya suad. Ghazanfar, kwa zuad."

Mfagiaji alikuwa ameshafika, akasimama na ufagio wake bila kujua kinachoendelea.

"Nilisema duara la haki," Bwana Warsi alisema hatimaye. Alikuwa anaikunja karatasi ile kwenye mikunjo yake ileile. "Hili ni la furaha. Sikuliwekea sharti." Akamgeukia Shagufta. "Shemeji yangu nitamtafutia ukurasa wa ndani. Mbilingani hazina haraka. Toa kikombe chako kwenye mkoba."

Shagufta akakitoa. Kikombe kikagonga meza, na macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Ila nataka kila Jumamosi asubuhi ukurasa uende kwa huyo mwalimu kabla ya kuchapishwa," Bwana Warsi akaongeza akiwa mlangoni. "Kalamu yake itatufaa zaidi kabla kuliko baada. Mpelekeeni na kitu cha kutafuna."

Alhamisi ilipofika, safu mpya ilikuja: dada wawili wanaotengeneza papadi, chapati kavu za dengu, juu ya paa. Maneno ya njano yalikuwa mengi, tukakaa nayo mpaka chai ya alasiri. Mwisho yakabaki mekundu mawili, Nasreen na Razia. Nasreen nilimjua ni wa sin, na Razia ni wa zuad, hilo hata mtoto wa shule ya usiku analijua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulisema.

Shagufta alikuwa amesimama mlangoni, mtandio wa dupatta kichwani, ananingoja.

Nikatafuta ndala zangu chini ya meza.